MLANGO WAZI, UKUTA MZIMA

Mtu anayetumia kiti cha magurudumu akifika mbele ya jumba la kale katika Mji Mkongwe wa Unguja hukutana na moja ya majibu mawili, na yote mawili ni mabaya. Jibu la kwanza husema kwamba jengo limehifadhiwa, basi haliguswi. Jibu la pili ni la mwenye haraka, ambaye huleta kokoto na saruji, akamwaga mbele ya mlango, akasema kazi imekwisha. Sisi twaona kwamba jibu la kwanza ni dhuluma na la pili ni uharibifu. Iko njia ya tatu, nayo si ngeni kwa fundi anayelijua jengo lake.

Nchi yetu imetoa ahadi mbili. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Hapana ahadi kati ya hizo iliyotolewa ili kuifuta nyingine. Ofisi, zahanati au shule iliyomo katika nyumba ya kale haina budi kuzitimiza zote mbili.

Kwanza yafaa tujue kwa nini saruji hudhuru. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa tena kupitia lipu yake ya chokaa. Ukiufunika chini kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, basi hupanda juu zaidi pamoja na chumvi yake. Dalili zake huonekana kwa macho: juu kidogo ya saruji mpya hutokea unga mweupe, kisha lipu huvimba, halafu humomonyoka. Mtu asiyejua huongeza saruji palipomomonyoka, na ugonjwa hupanda tena. Na siku ile zege itakapovunjwa, itaondoka na jiwe la kale lililogandamana nalo.

Sasa tuchukue nyumba moja ya mfano. Mbele yake, kwenye mlango wa nakshi, kuna ngazi tatu, kila moja sentimita 18, yaani jumla sentimita 54. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kwa kila sentimita 1 ya kupanda, njia ya mteremko iende sentimita 12. Basi yahitajika njia ya mita 6 na nusu, na tena nafasi tambarare ya mita 1 na nusu juu na chini ili kiti kipate kugeuka. Kichochoro hakina nafasi hiyo. Mwenye kulazimisha atafupisha njia, na mteremko mkali humrudisha mtu kinyumenyume na kumwangusha. Mteremko wa namna hiyo ni hatari kuliko ngazi, kwa kuwa humdanganya mtu kwamba njia ipo.

Lakini nyuma ya nyumba hiyo mna ua, na ardhi ya ua imeinuka, hata tofauti imebaki sentimita 30 tu. Hapo njia ya mita 3 na sentimita 60 yatosha. Seremala na mfua vyuma waiunde kwa fremu ya chuma kisichoshika kutu na mbao ngumu, ikiwa na upana wa mita 1 na sentimita 20 na mikono ya kushikia pande zote mbili. Isimame kwa miguu yake yenyewe juu ya vipande vya mawe vilivyolazwa chini. Isifungwe ukutani kwa bolti hata moja, na iachwe nafasi ya sentimita 10 baina yake na ukuta, ili ukuta upumue na taka zifagiliwe. Kizingiti cha mlango kisikatwe. Kipandiwe kwa kipande cha mbao chenye mteremko kila upande, kinacholazwa tu. Njia kama hii yaweza kuondolewa kwa siku moja, na nyumba ikabaki kama ilivyokuwa.

Wako watakaosema kwamba kumpitisha mtu mlango wa nyuma ni kumdharau. Hoja hiyo ni ya haki, nasi hatuipuuzi. Dharau huja pale mlango wa nyuma unapofungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda sokoni. Basi mlango huo ufunguliwe saa zile zile za mlango wa mbele, uwekewe kibao na taa, na watu wote waruhusiwe kuupita.

Choo ni kazi nzito kuliko njia, maana choo huleta maji ndani ya kuta zisizopenda maji. Chumba cha kuchagua ni kile cha chini ambacho tangu zamani kimeharibiwa na matengenezo, kisicho na nakshi wala vidaka, na kilicho karibu na bomba la maji machafu lililopo. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, kwa sababu upana wake ulitokana na urefu wa boriti za mikoko. Hata hivyo choo cha mita 2 na sentimita 20 kwa mita 1 na sentimita 70 huingia, na kiti kikapata pa kugeukia, mradi mlango ufunguke kwa nje.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Mkono wa kushikia kando ya choo lazima ubebe uzito wa mtu mzima, na bolti haishiki vizuri katika jiwe la matumbawe. Fundi huchimba tundu kubwa, akalijaza saruji. Kisha mkono hulegea, nao ukuta umekwisha kutobolewa bure. Dawa yake ni kujenga choo kama sanduku ndani ya chumba. Fremu yake isimame sakafuni, mikono ifungwe kwenye fremu hiyo, na mabomba yapite katika nafasi iliyo nyuma yake hadi kwenye tundu la zamani. Kwa kuwa sisi hutumia maji chooni, sakafu ya sanduku iwe kama sinia lisilovuja, kingo zake zikipanda kwenye mbao za sanduku lenyewe, si kwenye ukuta wa kale. Kiachwe kidirisha cha kuchungulia nyuma, ili bomba likivuja lijulikane mapema. Na kama uani pana nafasi, kibanda kipya cha choo hapo ni bora kuliko yote haya.

Hatusemi kwamba kila mahali patafikika. Ghorofani mteremko haufiki, na kukata boriti ili kupitisha lifti ni kugusa mifupa ya nyumba. Lakini meza ya karani ina miguu minne na yaweza kushushwa. Huduma iliyoko ghorofani na iteremke chini kwa watu wake. Kazi hiyo haihitaji nyundo.

Kwa hiyo, kabla ya nyundo ya kwanza, yatupasa kupiga picha na kupima kila tutakachogusa, kuomba kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, na kumwita mtu mwenye kiti cha magurudumu aijaribu njia kwa mbao za muda. Akipita peke yake bila kusukumwa, na kesho tukaweza kuiondoa bila kovu ukutani, basi njia hiyo ijengwe.