Sabuni au Spiriti: Tupige Hesabu Kwanza

Tangu janga la Korona la mwaka 2020, chupa ya spiriti ya kutakasa mikono imekuwa mgeni wa kudumu katika zahanati zetu. Wapo wanaoisifu kana kwamba imeifuta sabuni duniani, na wapo wanaoiona kuwa anasa ya kufuja fedha za umma. Mimi nashikilia kwamba pande zote mbili zimekosea, kwa kuwa kila kimoja kina kazi yake.

Tuanze na nguvu zake. Sabuni haiui viini vingi; huving'oa kwenye ngozi pamoja na mafuta na uchafu, kisha maji huvichukua. Spiriti, kwa upande wake, huviua pale pale vilipo kwa kuharibu protini na utando wake. Kwa sababu hiyo, mikono isiyo na uchafu unaoonekana hutakaswa vyema zaidi na kwa haraka zaidi kwa spiriti. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilipendekeza sekunde 20 hadi 30 za kusugua kwa spiriti, na sekunde 40 hadi 60 za kunawa kwa sabuni.

Hata hivyo, spiriti ina mipaka. Mkono wenye damu, usaha au kinyesi hautakasiki kwayo. Aidha, wako bakteria wa kuharisha wanaojifunika ganda gumu ambalo spiriti hailipenyi, na baadhi ya virusi vya kuharisha huistahimili. Muuguzi anayemhudumia mgonjwa wa kuhara hana budi kurudi kwenye sabuni na maji.

Sasa tuje kwenye gharama. Tuchukue mfano wa muuguzi anayewaona wagonjwa 40 kwa siku, naye hutakasa mikono kabla na baada ya kumgusa kila mmoja. Hizo ni mara 80. Akinawa kwa dakika moja kila mara, atatumia dakika 80. Akitumia spiriti kwa nusu dakika, atatumia 40. Naamini hapa ndipo penye siri ya wauguzi wengi kuacha kunawa: si uvivu, bali foleni iliyo mlangoni.

Tukikadiria lita moja ya maji kwa kila kunawa, anahitaji lita 80, yaani mitungi minne ya lita 20. Spiriti, kwa mililita 3 kila mara, ni mililita 240 tu. Tuseme mtungi wa mchuuzi ni shilingi 20: maji pekee yatagharimu shilingi 80. Kwa hivyo, spiriti itakuwa nafuu iwapo lita moja haizidi shilingi 333. Na bado hatujahesabu sabuni, wala vitambaa 80 vya kukaushia, kwa maana taulo moja ya kushirikiana hurudisha viini vile vile vilivyooshwa. Lakini penye maji ya bomba yasiyokatika, mizani huweza kuelemea upande wa sabuni. Mwalimu wa hesabu anaweza kulipa darasa lake swali hili kwa bei za mtaani kwao.

Isitoshe, spiriti hii si lazima inunuliwe ikiwa tayari chupani. Shirika hilo la Afya lilichapisha kanuni ambayo mfamasia wa hospitali anaweza kuifuata: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliserini, mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi zitimie lita 10. Mchanganyiko hufunikwa kwa saa 72 ili peroksaidi iangamize viini vyenye ganda vilivyomo chomboni. Gliserini huzuia ngozi isipasuke. Ethanoli yenyewe hutoka kwenye molasi ya miwa, zao tulilo nalo.

Tahadhari ni kwamba spiriti hushika moto upesi, na ikiongezwa maji kwa ujanja hadi chini ya asilimia 60, hupoteza nguvu. Kipima spiriti huufichua udanganyifu huo. Muuguzi naye ana kipimo chake: mikono ikikauka kabla ya sekunde 10 au 15, basi alijimiminia kidogo mno.

Tangu mwaka 2013, zahanati zetu nyingi zimo mikononi mwa kaunti. Nazitaka kaunti ziweke spiriti kwenye meza ya kila muuguzi, na hospitali zao kubwa ziichanganye zenyewe. Lakini zisiibandue karo wala kuifunga mifereji. Siku mgonjwa wa kuhara atakapoletwa, chupa hiyo haitatosha.