"Njoo Telegram": Hapo Ndipo Wizi Unapoanza

Vijana wenzangu, ajira hakuna, kwa hiyo tumeenda kuzitafuta mtandaoni. Matapeli nao wametufuata huko huko. Leo nasimulia yaliyomkuta rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja hosteli, maana yeye kaibiwa kwa hatua tatu na kila hatua ilikuwa na dalili yake.

Alijiunga na jukwaa moja la kazi za mtandaoni. Kwenye majukwaa ya namna hii mteja anaweka kwanza pesa kwa mwenye jukwaa, pesa inashikiliwa, wewe unafanya kazi, ukishaikabidhi unalipwa. Akaona tangazo la kutafsiri kijitabu kutoka Kiingereza, Sh 15,000 kwa ukurasa. Akaomba. Jibu likaja ndani ya dakika kumi: "Mfumo wa huku unasumbua, njoo Telegram tumalizane."

Wengi tunadhani hapo tumebadilisha tu mahali pa kuongelea. Sivyo. Ukitoka kwenye jukwaa umeiacha ile pesa inayoshikiliwa, na umeacha ushahidi pia. Kwenye Telegram mtu anaweza kufuta mazungumzo yote kwake na kwako kwa mpigo mmoja. Mteja wa kweli anaweka pesa kwanza, halafu mnaendelea kuongea humo humo.

Hatua ya pili ikawa "jaribio". Akapewa kurasa 12, ukurasa wa 31 mpaka wa 42, bila malipo, azimalize kesho yake asubuhi. Alikesha. Baadaye tukagundua kuna binti wa chumba cha pili naye aliomba kazi ile ile, na jaribio lake lilikuwa ukurasa wa 43 mpaka wa 54. Yaani kitabu kizima kilikuwa kinatafsiriwa bure na waombaji! Jaribio la haki ni fupi, aya moja au mbili, na waombaji wote wanapewa kitu kile kile ili walinganishwe. Ukipewa kipande kirefu kinachoanzia katikati ya kazi, ujue hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Alipolalamika, yule bwana akawa mpole ghafla. "Usijali dada, nakulipa hizo kurasa 12." Hesabu yake ni Sh 180,000. Meseji ikaingia: umepokea Sh 480,000. Dakika mbili baadaye simu ikapigwa: "Mhasibu kakosea, rudisha 300,000 haraka, ataachishwa kazi." Rafiki yangu kwa huruma akatuma. Ile ilikuwa pesa yake ya bumu.

Meseji ile ilikuwa na dalili mbili. Ya kwanza, ilitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, haikukaa kwenye mfululizo wa meseji za zamani za mtandao wake. Ya pili ni salio. Alikuwa na Sh 412,000, kwa hiyo salio jipya lilitakiwa kusoma 892,000. Meseji ilisema 507,350. Tapeli hajui ulikuwa na shilingi ngapi, anabahatisha. Kwa hiyo usisome kiasi ulichopokea tu. Fungua menyu mwenyewe, kama ni M-Pesa piga *150*00#, uangalie salio lako. Na hata kama pesa imeingia kweli kwa makosa, usiirudishe kwa mkono wako. Aliyekosea aombe kwa mtandao wa simu, wao ndio wanaorudisha muamala.

Tulienda kituoni. Tukaambiwa tulete mazungumzo. Mazungumzo yalikuwa yameshafutwa.

Hapa ndipo ninapouliza kama mwanafunzi wa sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 12 kuhusu udanganyifu wa kutumia kompyuta. Ina pia kifungu cha 16, kuhusu taarifa za uongo. Kijana akiandika neno kuhusu kiongozi, kifungu cha 16 kinamfikia upesi na simu yake inachukuliwa. Binti akiibiwa bumu lake, kifungu cha 12 kinasinzia, wakati namba iliyopokea ile 300,000 imesajiliwa kwa alama za vidole. Sheria ni moja na jeshi la polisi ni moja. Kinachotofautiana ni nani anayelindwa. Hilo tutaendelea kulidai, majukwaani na bungeni.

Wakati tunadai, piga skrinishoti ya kila kitu siku ile ile, kabla hujaanza kugombana naye. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Na ukiambiwa "njoo Telegram" kabla pesa haijawekwa, jibu moja tu: "Weka pesa, tuongelee hapa hapa." Tapeli hatarudi.