Wacheni kutuambia wali wa kukaanga lazima uwe wa jana

Juzi jioni nilinunua wali wa kukaanga kwenye kibanda kimoja hapa Ukunda. Karoti zilikuwepo, hoho zilikuwepo, yai lilikuwepo. Lakini wali wenyewe ulikuwa umeshikana kama bokoboko, ila bila nyama. Nikamuuliza muuzaji kulikoni. Akacheka, akaniambia, "Kaka, wali huu nimepika leo, ndiyo maana. Njoo kesho, nitakukaangia wa jana, utachambuka vizuri."

Nilimshukuru, nikala nilichokilipia, lakini kesho yake sikurudi. Sina ubaya naye. Alikuwa ananirudishia sheria ambayo sote tumeisikia, na ambayo kila video ya mapishi huirudia: wali wa kukaanga ni lazima uwe umelala. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya ukweli. Kwa vijana wanaoishi keja ya chumba kimoja kuanzia Diani hadi Msambweni, wengi wakiwa na meko ya gesi na bila friji, nusu hiyo inaweza kukulaza kitandani siku nzima.

Tuanze na sababu ya wali kugeuka matope. Adui ni maji, hasa yale yaliyo juu ya ngozi ya punje. Wali ukitoka kwenye sufuria, kila punje imelowa nje na wanga wake bado ni laini. Ukiutia kwenye karai hivyo, kwanza moto lazima uyageuze maji yale kuwa mvuke. Kazi hiyo hula moto mwingi sana: kugeuza maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji joto zaidi ya mara saba ya lile lililotumika kuyatoa nyuzi 30 za hapa Pwani hadi nyuzi 100. Na maadamu punje ina maji nje, joto lake halipandi sana juu ya hizo nyuzi 100. Kwa hivyo haikaangiki, inachemka mara ya pili. Wanga unazidi kulainika, mwiko unazigonga punje zinakatika, na mabonge yanaanza hapo.

Wali wa jana husaidia kwa sababu mbili. Usiku kucha kwenye friji umekauka ngozi, na wanga wake umekaza kwa baridi, kwa hivyo punje inavumilia kugeuzwa. Sababu ya pili inataka baridi na saa nyingi. Ya kwanza haitaki. Kukausha ngozi ya punje ni kazi ya nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo inayofanya tofauti kubwa zaidi kwenye sahani.

Nilitaka kuhakikisha, basi Jumamosi moja nikapika vikombe viwili vya pishori. Niliuosha mchele mpaka maji yakakaribia kuwa meupe, kwa sababu unga ulio nje ya mchele ndio gundi ya baadaye. Maji niliweka vikombe vitatu, badala ya vinne nilivyozoea. Ulipoiva niliugawa mara tatu. Fungu la kwanza nililitia kwenye karai moja kwa moja kutoka sufuriani. La pili nililitandaza kwenye sinia, unene usiozidi kidole kimoja, nikaliweka mbele ya feni kwa dakika 30. La tatu nilimpa jirani mwenye friji anihifadhie mpaka kesho yake.

Fungu la kwanza lilishikana kabla hata sijaweka chumvi. La tatu lilitoka vizuri, japo ilibidi nivunje mabonge kwa vidole kabla ya kuliweka motoni, na punje zilikuwa ngumu kidogo. Lile la feni lilichambuka, punje moja moja, laini ndani na kavu nje. Ningemwekea mgeni sahani mbili za mwisho, asingejua ipi ni ya jana. Kama huna feni, dirisha la upepo au kipande cha katoni cha kupepea kinatosha. Utajua umefika ukiushika wali: haunati kwenye vidole, na mvuke umekwisha kabisa.

Sasa tuje kwenye karai, maana hapo ndipo vibanda vingi hukosea hata vikiwa na wali mzuri. Kosa ni kujaza. Mteja watano wanangoja, muuzaji anamwaga wali wa watu watano kwa mpigo. Karai linapoa ghafla, mvuke wa chini unakosa njia kwa sababu wali wa juu umeuziba, na punje zinalowana upya. Moto wa meko ya kilo 6 ni mdogo ukilinganisha na ule wa majiko ya mahotelini, kwa hivyo dawa si kuongeza moto ambao hauna. Dawa ni kupunguza wali. Mimi huweka vikombe viwili vya wali uliopikwa kwa mara moja, yaani sahani ya mtu mmoja mwenye njaa. Watu watatu ni mizunguko mitatu, na kila mzunguko ni dakika nne hivi.

Karai liwe tupu kwanza, juu ya moto mkali, mpaka tone la maji ukilidondosha linarukaruka na kupotea papo hapo. Ndipo uweke vijiko viwili vya mafuta na kuyazungusha. Kaanga yai, litoe. Kaanga mboga zilizokatwa ndogo, zitoe pia, maana karoti na hoho zina maji yake na hayo nayo yatalowesha wali. Ongeza mafuta kidogo, yakianza kumetameta tandaza wali, kisha uuache. Usiukoroge kama ugali. Ngoja nusu dakika mpaka dakika moja, ugeuze kutoka chini, utandaze tena. Sikiliza: ukisikia mlio mkavu wa kuchachatika, unakaanga. Mlio ukiwa mzito, wa kutokota, na mvuke mwingi unapanda, umejaza kupita kiasi; toa nusu uweke pembeni. Punje zikianza kurukaruka zenyewe karaini, maji ya nje yamekwisha. Hapo rudisha yai na mboga, na sosi ya soya uimwage ukingoni mwa karai, kijiko kimoja tu. Ukiimwaga katikati ya wali umerudisha maji uliyohangaika kuyatoa.

Najua swali la watu wa Kwale: vipi kuhusu wali wa nazi? Ndio tunaopika wengi wetu, na ndio unaobaki. Jibu langu litawaudhi baadhi, lakini wali wa nazi si mzuri kwa kazi hii. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hivyo ukitoka kwenye friji ni bonge moja kama tofali, na ukilivunja kwa nguvu unakata punje. Ukiliweka kwenye moto mkali, tui lililoshika nje linaungua kabla ya wali kupata joto. Kama ni lazima, anza na moto mdogo bila kuongeza mafuta yoyote, acha bonge lilegee lenyewe, kisha ongeza moto kiasi. Utapata kitu kitamu, lakini kitakuwa wali wa nazi uliopashwa. Ukitaka wali wa kukaanga wa kweli, pika mchele mtupu.

Sasa lile lililonifanya niandike. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus, ambaye huishi kwenye udongo na hufika kwenye mchele. Mbegu zake hazifi wali unapochemka. Wali ukiachwa kwenye joto la kawaida, mbegu zinaamka, zinazaana, na baadhi hutengeneza sumu inayotapisha ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga, hata moto uwe mkali namna gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Uingereza, watu waliugua baada ya kula wali wa kukaanga wa mikahawa ya Kichina. Wali ulikuwa umechemshwa mapema na kuachwa nje ya friji, sababu mojawapo ikiwa wapishi kuona kuwa wa kwenye friji hushikana mabonge. Yaani kuogopa mabonge ndiko kulikowafanya wateja waugue, na hiyo ni nchi ya baridi. Fikiria usiku wa Diani mwezi wa Machi.

Najua mtaniambia nyanya zetu walikula mwiku na chai kila asubuhi na hakuna aliyekufa. Ni kweli wengi hawakuugua, kwa sababu si kila sufuria huwa na sumu. Lakini kibakuli kilichobaki nyumbani hupoa haraka. Sufuria ya kibanda yenye kilo tano za wali, iliyofunikwa isiingie nzi, hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, na vuguvugu ndilo joto analolipenda bakteria huyu. Na huwezi kuonja ukajua. Wali wenye sumu unaweza kunuka vizuri kabisa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Mwenye friji inayofanya kazi, na stima isiyopotea usiku, apoze wali wake kwenye sinia, auingize ndani ya saa moja ukiwa umetandazwa kwenye chombo kipana, aukaange kesho yake na asiupitishe hapo. Asiye na friji asilaze wali kabisa. Apike kwa maji pungufu, autandaze, aupepee nusu saa, aukaange papo hapo. Masinia mawili na feni ndogo ni rahisi kuliko friji, na muuzaji akizipanga kabla ya saa za wateja, atakuwa na wali mkavu wa leo bila kungoja kesho.

Yule muuzaji wangu nilimpitia wiki iliyopita, nikamweleza. Alinisikiliza akiwa anageuza mwiko, kisha akaniuliza swali moja tu: wateja watakubali kungoja akiwakaangia mmoja mmoja? Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu jibu ni letu sisi tunaosimama pale na simu mkononi, tunaomhimiza amwage wote kwa mpigo tuondoke. Mimi nimeamua kungoja hizo dakika nne.