Mie Sikusubiri, Mie Nimewekwa



Mwezi wa Shaabani kibanda chetu cha ushoni hakina pa kukanyaga, maana kila mtu anataka kuoza kabla Ramadhani haijaandama. Siku moja baada ya Alasiri alikuja mama mmoja, shangazi yake bi harusi, kuchukua gauni la mwari na nguo sita za wapambe. Tulikuwa bado tunapinda. Akakaa kwenye benchi karibu saa nzima. Binti anayejifunza kwetu alipotoka ndani na mfuko, akamwambia kwa sauti tamu kabisa: “Asante kwa kusubiri, mteja wetu.”

Mama akamtazama. “Mie sikusubiri, mwanangu. Mie nimewekwa.”

Alilipa, akachukua nguo, akaondoka bila ya kutuaga. Tulijua hapo kwamba ndugu zake wanne waliobaki kuolewa huenda wakashonewa kwengine.

Binti hakukusudia utovu wa adabu. Alisema analolisikia kila siku kwenye simu, ile sauti iliyorekodiwa inayokushukuru wakati hujapenda kungoja hata kidogo. Wanaofundisha biashara mitandaoni nao wanasema usiombe msamaha, geuza msamaha uwe shukrani, eti mwenye kuomba msamaha anajishusha. Huenda kwa Waingereza neno hilo lina adabu yake. Sisi tunaona kwamba likiletwa kwetu neno kwa neno linaharibika, na tumekaa tukajiuliza kwa nini.

Kwanza tazama neno lenyewe. Ahsante limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni umefanya vyema. Unamwambia hivyo mtu aliyetenda jambo kwa hiari yake. Mteja akimpisha mwenzake mwenye mtoto mchanga apimwe mwanzo, hapo ahsante ni mahali pake. Lakini aliyekaa benchini kwa sababu sie hatujamaliza kazi, kumwambia umefanya vyema ni kama kumpongeza kwa kosa letu. Na kusubiri kwenyewe ndani yake mna subira. Subira ya mtu ni yake na Mola wake, si haki yetu kumhesabia. Ndiyo maana mama yule akasema amewekwa. Alichagua neno linaloonyesha nani kamweka.

Pili, na hili ndilo tunalolipima siku hizi kabla ya kumfundisha binti yeyote maneno ya dukani: maneno yetu ya adabu hutembea mawili mawili. Ukisema hodi, unasubiri karibu. Shikamoo inaitikiwa marahaba. Pole inajibiwa ahsante, nishapoa. Ukimwambia mtu utuwie radhi, atakwambia radhi, au hapana neno. Kila mmoja ana pa kuweka mguu wake. Sasa mwambie mtu “asante kwa kusubiri” na umtazame usoni. Atajibu nini? Akisema karibu, ni kama amekukaribisha umuweke tena. Wengi hunyamaza, au hutabasamu kidogo. Neno lisilo na jibu limemwacha mteja mlangoni bila ya karibu.

Kwa hivyo kwetu sasa tunasema, “Pole mama, tumekuweka sana. Utuwie radhi.” Maneno hayo yote mawili yanahitajika. Pole peke yake haitoshi, kwa sababu pole unampa hata mtu aliyenyeshewa na mvua, na mvua hukuileta wewe. Ukimuweka mtu saa nzima kisha ukampa pole tu, unajifanya kama msiba wake umetoka kwengine. Radhi ndiyo inayokubali kwamba umetoka kwetu. Na wala haikushushi. Mtu akishakuwia radhi, jambo limekwisha baina yenu, na kesho mkikutana sokoni hakuna anayegeuza uso.

Kuna na hili la “usijali”. Tunalisikia kila duka siku hizi. Mteja anasema gauni lake halijawa tayari na harusi ni Ijumaa, fundi anajibu usijali. Tunaomba tuliseme wazi: hilo ni neno la mteja. Yeye ndiye aliyeudhiwa, yeye ndiye mwenye haki ya kusema usijali, hapana neno. Fundi akilitanguliza amemnyang’anya jibu lake. Ukisikia mtu anakujibu kwa ukali kuliko ulivyotarajia, rudi nyuma uangalie kama hukumtangulia kwa neno hilo.

Kwenye wasapu mambo ni mabaya zaidi, maana hapo hakuna uso wala sauti ya kulainisha. Tuchukue ujumbe wetu wenyewe, tuliowahi kumpelekea bi harusi mmoja aliyekuwa akiuliza gauni lake:

“Mpendwa mteja, asante kwa uvumilivu wako. Gauni lako liko katika hatua za mwisho. Samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Usijali, tuko pamoja.”

Hakujibu siku nzima, na tulipousoma tena tukaona haya. Tumemwita mteja ilhali jina lake tunalijua na mama yake tunamjua. Hatukutoa salamu. Tumeomba samahani kwa usumbufu “wowote”, kana kwamba hatujui kama upo, na yeye ameshakuja mara mbili akarudi mikono mitupu. Na siku hatukumtajia. Jioni tukaandika upya:

“Assalaam alaykum bi harusi wetu. Pole kwa kungoja. Gauni bado, mikono haijatiwa shanga. Kosa letu, tulipokea kazi nyingi. Utuwie radhi. Njoo Jumatano baada ya Alasiri ulijaribu, inshaallah.”

Jibu lilikuja kabla ya Isha: “Waalaykum salaam. Hapana neno. Nitakuja na mama.”

Angalieni inshaallah ilipokaa. Imekuja baada ya siku na wakati. Katika Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, tumekatazwa kusema nitafanya jambo fulani kesho bila ya kuongeza Mungu akipenda. Kwa hivyo jambo lenyewe na siku yake vinatajwa, kisha inshaallah inafuata. Sie mafundi, tukubali tu, tumezoea kuitoa siku tukaacha inshaallah peke yake. Mteja anauliza lini, tunasema inshaallah, naye anajua hapo gauni halijakatwa hata kitambaa. Tumelifanya neno tukufu likawa pazia la uvivu wetu.

Wakati wa kuaga hatuna tatizo kubwa. “Uwe na siku njema” halikosi adabu, ila mtu aliyebeba gauni la mwanawe anafurahi zaidi ukimwambia, “Haya mama, tunawaombea kheri, tusalimieni nyumbani.” Atajibu amina, au zitafika.

Ila haya maneno yana mwisho wake. Bi harusi yule alikuja Jumatano na mama yake, na mkono mmoja ulikuwa bado. Tukampa mama kiti, tukaomba radhi tena, na tuliipata, lakini safari hii ilichelewa kutoka. Kwa gauni moja, radhi ya pili ni nzito. Ya tatu hatuiombi. Tumekubaliana kwamba likifika hapo tunarudisha pesa za mshono pamoja na kitambaa, tunamtafutia fundi mwengine wa kumalizia, na tunamsindikiza mwenyewe mpaka kwa fundi huyo.