Kiatu cha Shangazi na Soli Mbili

Juma lililopita nilimsindikiza shangazi yangu soko la Kagio, kule Kirinyaga anakoishi, kutafuta viatu kwenye marundo ya mitumba. Ana kisukari, daktari amempa soli za tiba zenye unene wa milimita 5, na huvaa soksi nene zisizobana. Akiwa na desturi ya kuvaa namba 39, aliwaza kuchukua 41 ili mguu upate nafasi.

Wengi wetu hufikiri hivyo, na hapo ndipo tunapokosea. Kwa hesabu ya namba za Ulaya, kila namba huongeza urefu wa takriban milimita 7. Soli ya tiba haiurefushi mguu; huuinua. Kinachopungua ni kina, yaani nafasi iliyopo juu ya vidole na nyuma ya kisigino. Katika 41, kisigino cha shangazi kilipanda na kushuka kila hatua, na kiatu kilipinda mbele ya mahali vidole vinapopindia. Msuguano wa namna hiyo ndio uzaao malengelenge.

Tukachukua jozi ya 40 ambayo soli yake ya ndani hutoka kwa mkono. Ilikuwa na unene wa milimita 4. Kuiondoa na kuweka ya milimita 5 kulimaanisha kwamba mguu umeinuka milimita 1 tu. Kuziweka zote mbili, moja juu ya nyingine, kungeuinua milimita 5 nzima. Soli iliyogandishwa kwa gundi na haitoki ni sababu tosha ya kurudisha kiatu rundoni.

Soli iliyotolewa ina kazi nyingine. Tuliiweka chini, shangazi akasimama juu yake akiwa na soksi zake. Mguu haukumwagika pembeni. Mguu wake una sentimita 24.4, soli ilikuwa na 25.7, ikabaki sentimita 1 na ushei mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kipimo kinachofaa. (Kirefu si lazima kiwe kidole gumba.) Kisha nikapitisha mkono ndani ya kiatu kitupu kutafuta misumari na mishono iliyoinuka, ambayo soli ya kiwandani huificha.

Tulikwenda alasiri kwa makusudi, kwani miguu huvimba kadiri mchana unavyosonga. Tukajaribu miguu yote miwili, maana mmoja aghalabu huuzidi mwingine.

“Hakinibani, mwanangu,” akasema. Sikulitegemea neno hilo, kwa kuwa kisukari kimemfifishia hisia za nyayo. Nyumbani alitembea sakafuni nusu saa, kisha tukavua soksi na kutazama. Palikuwa na wekundu hafifu juu ya kidole kidogo cha kushoto. Ungedumu zaidi ya dakika 20, kiatu kingerudi sokoni. Ulitoweka kabla chai haijapoa. Kwa juma hili anakivaa saa moja au mbili kwa siku, na kila jioni mjukuu humkagua nyayo.