Tikiti ya Kurudi ni ya Nani?



Mama mmoja wa Migori, mwenye nduguze Homa Bay, alinisomea kwa simu mkataba wa binti yake, aliyetafutiwa na wakala kazi ya nyumbani Saudia. Mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, kwa miaka 2. Malazi na chakula ni juu ya mwajiri. Tikiti ya kurudi nayo ni juu yake, ila kwa sharti: binti “akimaliza muda”.

Nikamwuliza: mwajiri akimwachisha mwezi wa 5, je? Mkataba umenyamaza. Hapo ndipo binti hukwama ugenini hana nauli. Tena wakala anadai shilingi 60,000 “za visa” bila risiti, na mama yuko tayari kuuza ng’ombe. Ilhali gharama hiyo katika kazi za nyumbani Saudia humwajibikia mwajiri.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa ng’ambo uthibitishwe na afisa wa leba, akisharidhika kwamba mfanyakazi ameuelewa wala hakulaghaiwa. Basi kabla ya sahihi, iandikwe: mwajiri akivunja mkataba, tikiti ni juu yake, na malazi ni chumba chenye ufunguo. Wakala akikataa, ng’ombe asiuzwe.