Jiko Lisilo na Moshi Si Jiko Salama

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, baridi inapoteremka kutoka Mlima Kenya na ukungu kutanda juu ya Meru na Embu, jiko la makaa huacha kuwa chombo cha kupikia tu likawa chombo cha kuota moto. Huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, mwanya wa dirisha ukazibwa kwa gunia, na watu wakalala. Kuna ambao hawaamki. Habari zao zikisimuliwa, aghalabu husemwa kwamba waliuawa na "moshi wa jiko". Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, naomba wasomaji tulitazame neno hilo moshi, maana naamini limebeba kosa linaloendelea kuua.

Kila aliyelelewa sehemu hizi anajua utaratibu wa kuwasha jiko. Huwashwa nje kwa vijiti na karatasi, hupepewa mpaka moshi uishe na makaa yaive, kisha mtu akasema: "Limeshika, liingize." Kuisha kwa moshi ndiko kibali cha kuliingiza ndani. Shuleni tumewafundisha watoto kwamba pafukapo moshi pana moto. Methali hiyo ni ya kweli, lakini watu wameigeuza kimyakimya wakaamini kwamba pasipo moshi hapana hatari. Mantiki hairuhusu mgeuzo huo, wala kemia.

Makaa ni kuni ambazo moshi wake ulikwisha kutolewa tanurini, huko Mbeere au Tharaka yanakochomwa. Kilichobaki karibu chote ni kaboni. Kaboni ikiungua penye hewa tele hutoa ile gesi tuiitayo hewa-ukaa. Lakini ndani ya jiko, oksijeni humalizwa na makaa ya chini, na hewa-ukaa inapopanda kupitia makaa mekundu ya juu hugeuka kuwa gesi nyingine, kaboni monoksidi. Ule mwali mdogo wa samawati uonekanao juu ya makaa yaliyoiva ni gesi hiyo ikiungua. Mwali ukizimika na jivu likafunika makaa, gesi haiungui tena, bali hutoka ilivyo na kuenea chumbani. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Kwa hiyo anayefukia makaa kwa jivu ili yadumu hadi alfajiri amejiwekea sumu ya usiku kucha.

Tuchukue mfano wa chumba cha mpangaji, kama vile wanavyopanga wanafunzi karibu na vyuo vyetu: mita 3 kwa 3, kimo mita 2 na nusu, kuta za mawe, sakafu ya saruji, dirisha moja la kioo. Kilo moja ya makaa huweza kutoa takriban gramu 200 za gesi hii. Basi gramu 100 tu za makaa, vipande vichache vilivyosalia baada ya kupika, zitatoa gramu 20. Zikienea katika chumba hicho bila hewa kubadilika, kila mita moja ya ujazo itakuwa na miligramu 890 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asivute hewa yenye zaidi ya miligramu 35 kwa muda wa saa moja. Chumba chetu kimezidisha kiasi hicho mara 25. Ni kweli kwamba hakuna chumba kisichovuja kabisa, lakini anayeziba mianya kwa gunia anafanya kila awezalo ili hesabu hii itimie.

Zamani nyumba ya nyasi yenye mafiga matatu ilijaa moshi uliowaletea watu kikohozi na maradhi ya macho, wala siisifu. Hata hivyo, moshi ule ulimlazimisha mtu kutoka nje, na mapaa yale yalipitisha hewa. Sisi tumeondoa moshi, tukaziba hewa, na gesi tukaiacha ndani.

Ikiingia mwilini, gesi hii hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu zinazozidi zile za oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka ilhali haibebi oksijeni ya kutosha. Mtu huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha miguu hulegea na fikira kuvurugika. Ni rahisi kudhani ni malaria. Dalili ya kutofautisha ni kwamba kwa kawaida homa haipo, waliomo chumbani huugua pamoja, na kichwa hupata nafuu wakitoka nje. Aliyelala, hata hivyo, huenda asiione dalili hata moja.

Hapa ndipo cheche zinapoingia. Makaa yenye unyevu hupasuka na kurusha vipande vyekundu. Katika chumba kidogo, kitanda hakiwi mbali na jiko, na blanketi huning'inia hadi sakafuni. Kipande kimoja kikitua juu ya godoro la sponji, huweza kufukuta kwa muda kabla ya kuwaka, na sponji ikiungua hutoa kaboni monoksidi zaidi pamoja na sianidi. Mtu mwenye akili timamu angeruka akakizima. Aliyekwisha kuleweshwa na gesi hawezi. Hatari hizi mbili tunazozihesabu mbalimbali mara nyingine huja pamoja, ya kwanza ikimfunga mtu mikono, ya pili ikimchoma.

Kuna imani zinazowapa watu matumaini ya uongo. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii, kwa kuwa gesi hii haiyeyuki majini ila kwa kiasi kidogo mno. Maziwa hayaiondoi damuni. Jiko la kauri, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa yanayotumika, lakini halikuundwa kuwa kifaa cha kulala nacho. Dirisha lililo wazi hupunguza hatari wakati wa kupika, ila halimlindi mtu aliyelala.

Kinachosaidia ni jiko kutolewa nje kabla ya mtu kulala, hata kama makaa yanaonekana kufa, maana jivu huficha moto kwa saa nyingi. Joto la usiku litafutwe katika chupa ya maji moto na blanketi la pili. Ukimkuta mtu amezirai chumbani penye jiko, fungua mlango, mburute nje kwanza, kisha mpeleke hospitalini. Huko useme waziwazi: "Alilala na jiko." Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni huweza kuonyesha kwamba damu ina oksijeni ya kutosha, kwa sababu hakitofautishi gesi hizi mbili. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka damuni. Akivutishwa oksijeni tupu muda huo hushuka hadi saa moja na kitu.

Nawarudia walimu wenzangu. Mnapofundisha methali ya moshi na moto, waulizeni wanafunzi kama yaweza kusomwa kinyume, kisha waelezeni kwa nini haiwezi. Nasi tuandikao tuache kusema kwamba marehemu aliuawa na moshi. Tukisema hivyo, msomaji hutazama jiko lake, akaona makaa mekundu yasiyofuka hata kidogo, akaamini kwamba habari ile haimhusu.